Nina laki na nusu kwa mwezi: NSSF au kiwanja Mlandizi?

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni fundi cherehani hapa Temeke, nina miaka 44. Kwa mwezi naweza kutenga 150,000, na hapo ndipo mwisho wangu. Mume wangu anataka tununue viwanja. Mpwa wangu, ambaye ni mhasibu, ananisukuma nichangie NSSF kwa hiari.

Kiwanja kimoja tunacho, Chanika, mita 20 kwa 20, tulikinunua 2015 kwa milioni 3. Hakijapimwa, tuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Mume wangu husema sasa kinafika milioni 8. Ila 2023 mama alipotakiwa kufanyiwa upasuaji, tulikitangaza kwa milioni 6. Kwa miezi mitano dalali alileta wateja watatu, wote wakauliza hati, na wa mwisho akatutajia milioni 3 na nusu. Tukaishia kukopa kikoba. Siku ya kumwonyesha yule wa mwisho ndipo tulipogundua jirani ameuhamisha mnyaa wa mpakani hatua mbili ndani kwetu. Tulikuwa hatujakanyaga pale mwaka mzima.

Cha Mlandizi kimepimwa: mita za mraba 450, kila mita 10,000, awamu 30 za 150,000. Mume wangu anapiga hesabu kwamba kwa miaka 15 tutakuwa na viwanja sita, bei isipopanda. Namuuliza, nikishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, nani atahangaika na madalali kuuza kimoja kimoja ili tule? Kiwanja kitupu hakina kodi ya mwezi.

Upande wa NSSF, pensheni inataka michango ya miezi 180. Nikianza sasa bila kuruka hata mmoja, namaliza nikiwa na miaka 59. Mpwa wangu alichukulia kuwa 150,000 ni asilimia 20 ya kipato changu, akatumia kanuni ya Julai 2022 iliyotoa asilimia 33 kwa mkupuo. Akapata kama milioni 11 na nusu mkononi, kisha 156,000 kila mwezi maisha yangu yote. Jumla nitakuwa nimechangia milioni 27. Nilipoona 156,000 nikanyamaza, maana sijui wakati huo itanunua kilo ngapi za mchele.

Tena kazi yangu ina msimu. Desemba na Januari ni sare za shule, nashona hadi usiku wa manane; Machi naweza kukaa wiki nzima napunguza suruali tu.

Naomba unisaidie haya. Hesabu ya mpwa wangu inamhusu mchangiaji wa hiari kama mimi? Naweza kulipa miezi kadhaa kwa pamoja msimu wa sare ili Machi isinivurugie ile 180? Nikifa mwaka wa kumi, watoto wanapata nini? Na cha Chanika, nikipime kwanza nipate hati, au nikiuze kama kilivyo?

Mama Hawa, Temeke