Mpe muda, lakini aseme atarudi saa ngapi

Mwanangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema ukimuuliza mwenzio kilichomsibu ananyamaza, ukizidi kuuliza anachukua funguo na kutoka. Yeye amemwambia baba yako kwamba hajavua hata viatu, maswali yameshaanza. Wewe unamfuata kwa sababu anakukimbia, naye anakimbia kwa sababu unamfuata. Ndiyo maana kubishana nani alianza hakutawafikisha popote.

Usidhani kunyamaza kwake ni kutojali. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, aliwapima wanandoa mapigo ya moyo huku wakigombana. Kwa maelezo yake, mapigo yakipita kama 100 kwa dakika, mtu hasikii vizuri anachoambiwa wala hapati jibu la maana. Kuna waliokaa kimya kabisa kumbe moyo unawaenda mbio. Safari moja aliwakatisha ugomvi, akasingizia mitambo inarekebishwa, akawapa magazeti wasome kwa nusu saa. Walipoendelea na mada ileile, walizungumza kwa utulivu zaidi.

Kwa hiyo kupeana nafasi kidogo kunasaidia. Kinachokutesa wewe, nijuavyo, ni kutojua atarudi lini, ndipo unapopiga simu mfululizo.

Siku mkiwa na furaha, kubalianeni hivi: aliyezidiwa aseme, "Nimezidiwa, tuendelee saa tatu." Muda usipungue dakika 20, maana mwili hautulii haraka, wala usivuke kesho. Aliyeomba muda ndiye arudi na kufungua mazungumzo. Hilo msilegeze, kwani ndilo litakalokuwezesha kumwacha aende. Katikati hapo usimtumie ujumbe, naye asikae akijipangia hoja za kukushinda, la sivyo atarudi amepandwa na hasira zaidi.

Nawe unapoanza, anza na jambo moja. Badala ya "Siku hizi hunijali kabisa", mwambie, "Jumapili ulipotoka bila kuniaga niliingiwa na hofu. Naomba tuongee kidogo baada ya kula." Kisha nyamaza. Atachelewa kujibu, na najua utatamani kumjazia maneno. Usimjazie, mwanangu, anayatafuta.

Utajua mambo yanakwenda akirudi mwenyewe bila kukumbushwa. Saa tatu ikipita kila mara naye kimya, hapo hapumziki tena, anakwepa, na itabidi mkae na mtu mnayemwamini wote wawili. Ama akikununia siku nzima nzima ili kukuadhibu, au ukiogopa kufungua mdomo, au akiinua mkono, weka kando haya yote niliyoandika. Nipigie hata usiku wa manane.

Mkianza kujaribu, anzeni na ada ya mtoto. La mama mkwe lingojee kwanza, hilo bado lina moto.

Mama yako