Ukilipa ankara mara mbili, usikimbilie kuomba kredit noti

Wiki iliyopita mteja wetu wa miaka alinipigia simu na, kabla hata ya salamu, akaniambia tumemla laki nne na nusu. Nilifungua akaunti yake nikiwa bado na wino mikononi. Kwa hesabu zangu yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa, laki moja na elfu arobaini. Kwa karatasi aliyoishika, karatasi yenye muhuri wetu, sisi ndio tulikuwa tunadaiwa 450,000. Na kusema kweli, karatasi ile tulimpa sisi.

Jambo lenyewe lilianza kitambo. Tulimchapia lebo za chupa, ankara namba 0417: kazi 500,000, kodi ya ongezeko la thamani 90,000, jumla 590,000. Tarehe 1 tukamtumia taarifa ya akaunti kama tunavyowatumia wateja wote kila mwezi, na ankara ile ilikuwa bado haijalipwa. Tarehe 3 akailipa mwenyewe kwa simu. Tarehe 9 mhasibu wake akarudi likizo, akaikuta taarifa mezani, akaona 590,000 na kulipa. Kwenye sehemu ya maelezo hakuandika namba ya ankara, aliandika "taarifa ya mwezi". Mfumo wao haukuwa na namna ya kujua kwamba ni deni lilelile.

Malipo mengi ya mara mbili tunayoyaona huja hivyo: mtu mmoja analipa kwa ankara, mwingine analipa kwa taarifa. Taarifa si ankara. Inaonyesha hali ilivyokuwa siku ilipochapwa, basi. Chanzo kingine ni namba kuandikwa mara 0417, mara 417. Kwa binadamu ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta zinaweza kuwa ankara mbili.

Mteja alipogundua, hakutaka arudishiwe. Alisema pesa ikae, itamsaidia kazi ijayo, ila "nipeni kredit noti". Nami, huku mashine inaita upande wa pili, nikamwambia binti anayeshika vitabu vyetu amwandikie. Akafungua ankara 0417, akabonyeza kitufe cha kredit noti, 590,000 ikatoka safi kabisa. Kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyetamka neno lile bila kufikiri.

Kredit noti hupunguza ankara. Ukirudisha lebo 200 zilizokatwa upogo, au tukikutoza karatasi nzito wakati tumetumia nyepesi, hapo ankara ilikuwa kubwa kuliko haki, na kredit noti inaishusha pamoja na kodi yake. Lakini 0417 haikuwa na kosa. Lebo zilichapwa, zilipokelewa, zilibandikwa. Kilichozidi ni malipo.

Sasa angalia kilichotokea kwenye leja. Malipo ya tarehe 3 yalifuta ankara. Malipo ya tarehe 9 yalikaa kama salio lake, 590,000, na hiyo peke yake ilitosha. Kredit noti ikaja ikaongeza 590,000 nyingine juu yake. Taarifa iliyofuata ikasema tunamdai hasi 1,180,000, yaani tuna pesa zake mara mbili ya zile alizozidisha. Upande wetu mauzo yakashuka 500,000 na kodi tunayopaswa kupeleka ikashuka 90,000, kwa kazi ambayo tuliifanya na kulipwa. Ungekuja ukaguzi, sijui ningeeleza nini.

Yeye akaleta kazi mpya, ankara 0452, 730,000. Akatoa 730,000 kwenye 1,180,000, akabaki na 450,000 zake. Sisi tukatoa 590,000 kwenye 730,000, tukamwomba 140,000. Ndiyo ile simu. "Dada, karatasi ni yenu, sikuiandika mimi," aliniambia, na sikuwa na jibu la haraka.

Kuirekebisha hakukuhitaji ufundi mkubwa. Hatukuifuta kredit noti wala kuichana, kwa sababu hati ikishatoka na namba yake haifutwi. Tuliandika debit noti, yaani hati inayoongeza deni, ya 590,000 inayoitaja kredit noti ile kwa namba, mauzo na kodi vikarudi mahali pake, na bahati nzuri ritani ya kodi ya mwezi ule ilikuwa haijapelekwa. Kisha nikaenda kwake na taarifa mbili za benki, yake na yangu, tukatia alama kila muamala kwa kalamu. Upande wake zilitoka mara mbili. Upande wangu ziliingia mara mbili. Hakukuwa na ya tatu. Hapo sauti ikashuka.

Tangu siku ile tunafanya hivi. Ukituambia umelipa mara mbili, kwanza tunaitafuta pesa kwenye taarifa ya benki yetu. Picha ya ujumbe wa muamala haitutoshi, na tafadhali usiione kama dharau. Kuna mtu aliwahi kututumia picha ya malipo mawili akaomba "ziada" itumwe haraka kwa namba ya ndugu yake. Benki ilikuwa imepokea moja tu. Ndiyo maana pia marejesho yanarudi kwenye akaunti ileile iliyotuma, hata kama mwenye nayo amesimama mbele yangu.

Pesa ikionekana, tunakuuliza: irudi au ikae? Jibu tunalitaka kwa maandishi, kutoka kwa mtu mmoja. Ikikaa, unapata hati ya salio yenye tarehe ya malipo, kumbukumbu namba ya muamala, ankara iliyokwisha kulipwa na kiasi kilichozidi. Hakuna mstari wa kodi, kwa sababu hakuna mauzo yaliyobadilika. Mhasibu wako akiita kredit noti, aite. Mradi isikate ankara. Ikirudi, makato ya kutuma yanatoka kwenye pesa hiyo, na tunakutajia kabla. Wapo wanaonuna. Mimi nauliza tu: malipo ya pili nani aliyabonyeza?

Njia ya mkato inayotusumbua kuliko zote ni ya mteja kujikatia mwenyewe kimyakimya kwenye ankara inayofuata. Mmoja alifanya hivyo, anatuletea pungufu bila neno, na wiki hiyohiyo mwenzake wa ofisini akaomba marejesho. Tukarejesha. Ikatuchukua karibu miezi miwili kumweleza kwa nini ankara yake bado ina deni, kwa sababu kwa macho yake "ile tulishamalizana". Kwa hati ya salio jambo hilo haliwezekani: ikitumika au ikirejeshwa tunaifunga, na namba yake haitumiki tena.

Wanaosema bei yetu iko juu kidogo kwa sababu tunamlipa mtu wa kushika vitabu, hawajakosea. Mchapaji wa bei ya chini angepokea 590,000 ya pili akanyamaza, na wewe ungeiona siku ya kufunga mahesabu ya mwaka, kama ungeiona.

Mteja wa lebo alilipa 140,000 Jumatatu. Aliandika 0452 kwenye maelezo, kisha mhasibu wake akapiga simu kuuliza kama bosi ameshalipa.