Sola na jiko la presha: tazameni betri na nyaya

Mhariri,

Wanaotaka kupikia sola huhesabu paneli, kumbe kikwazo kiko kwenye betri na nyaya. Jiko la presha la umeme la lita 6 huvuta wati 1,000 hivi linapopasha. Kwenye betri ya volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 90, ukijumlisha zinazopotea kwenye inveta. Waya mwembamba unapata moto, volti zinashuka, inveta inalia kisha inazima, na lawama zote anabebeshwa muuza betri. Afadhali mfumo wa volti 24, waya mfupi wa milimita 25 za mraba na inveta ya wati 1,500.

Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa takribani nusu uniti, kwa sababu presha ikishapanda jiko hujizima na kujiwasha kidogo kidogo. Yabandikeni saa sita mchana, jua lisaidie betri. Kwa maharage na makande, mkaa hauoni ndani.

Ugali na chapati ni habari nyingine. Mkivipikia jiko la umeme la sumaku, linaweza kuvuta wati 2,000 mfululizo. Kwa mfumo mdogo, hapo bakini na gesi.

Fundi sola,
Morogoro