Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: kisima cha bei rahisi ndicho ghali

Mheshimiwa Waziri wa Maji wa Kaunti ya Mombasa,

Salamu kutoka Kisauni. Nimeisoma ripoti ya upembuzi yakinifu wa maji ya kijiji chetu, kurasa zote 140. Wewe huna nafasi hiyo, nami muhtasari wa mwanzo umenitia wasiwasi, maana unataja gharama ya ujenzi tu: kisima kirefu shilingi milioni 6, bomba la kilomita 4 kutoka laini kuu milioni 11. Ukiishia hapo utatia saini kisima.

Jambo lenyewe limefichwa ukurasa wa 97. Mafundi walipovuta maji kwa majaribio saa 24 mfululizo, kipimo cha chumvi kilianza maikrosimensi 900 kikafika 2,300, na kilikuwa bado kinapanda walipozima pampu. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji matamu yanaelea juu ya ya bahari kwa sababu ni mepesi. Yakishuka mita 1 kwa kuvutwa, ya chumvi huweza kupanda hadi mita 40. Kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi iliko.

Sasa hesabu. Tuko watu 1,200, na mtungi mmoja wa lita 20 kwa kila mtu ni lita 24,000 kwa siku. Kisima kitakula milioni 1.2 kila mwaka: umeme, mlinzi, na pampu zitakazoliwa na chumvi. Bomba, pamoja na kununua maji, ni laki 7. Kwa miaka 20, bila riba, kisima kinafika milioni 30 na bomba milioni 25. Mtungi wa kisima unasimama shilingi 3.42, wa bomba 2.85. Na huo wa kisima usiulize chai yake.

Matangi ya mvua nilikaribia kuyapenda. Lakini familia ya watu 5 itahitaji tangi la lita 9,000 kuvuka Januari hadi Machi, na nyumba zetu nyingi ni za makuti. Yabaki shuleni, kwenye mabati.

Napendekeza bomba, ila ripoti imekosea kitu kimoja: imechukulia kwamba maji hutoka kila siku, kwa hiyo imechora tangi la lita 24,000. Huku mgao ukitukosesha maji siku 5, tunahitaji tangi la lita 120,000. Nikiongeza milioni 2 kwa tangi hilo, mtungi unafika shilingi 3.08, bado chini ya kisima. Likizidi milioni 5, bomba halina tena nafuu ya bei.

Basi kabla ya kutia saini, omba ratiba ya mgao wa laini hiyo kwa maandishi, uipime na gharama ya tangi.

Wako,
Mkaazi wa Kisauni