Nimeijua programu inayokata fedha za mzee wetu, lakini makato hayajakoma

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu kuhusu makato madogo yanayojirudia kwenye akaunti ya benki ya baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Morogoro, ambaye pensheni yake huingia katika akaunti hiyo kila mwezi. Nimefika mahali ambapo najua fedha zinakwenda wapi, lakini sijui njia iliyo salama zaidi ya kuzizuia. Nitaeleza kwa urefu jinsi nilivyoyafuatilia makato hayo, ili atakayejibu ajue hatua zilizokwisha kuchukuliwa, na pia kwa sababu naamini wapo wengi wenye wazazi waliomo katika hali kama hii bila kujua.

Tulianza na simu ya mkononi, kwa kuwa baba alihisi kwamba fedha zinatoka kwenye akaunti yake ya huko. Taarifa ya miamala haikuonyesha malipo yoyote yaliyotoka bila yeye kuweka namba yake ya siri, na vile vijisenti vilivyomtia shaka vilikuwa ada za kutuma na kutoa fedha. Ndipo nilipomwomba achukue taarifa ya akaunti ya benki ya miezi mitatu, na humo nikakuta mistari mingi mifupi, mingine ikiwa na majina ya kigeni, mingine haina jina kabisa.

Jambo la kwanza lililonisaidia ni kutenganisha makato ya benki yenyewe na makato ya mtu wa nje. Chini ya kila malipo ya nje kulikuwa na mstari mwingine wa fedha kidogo mno: chini ya shilingi 10,580 palikuwa na shilingi 317, chini ya 10,640 palikuwa na 319, na chini ya 10,710 palikuwa na 321. Ukigawanya, utaona kwamba kila mara mstari mdogo ni asilimia 3 ya ule mkubwa, na hiyo ni ada ya benki kwa malipo ya kadi yanayofanyika nje ya nchi. Baada ya kuiondoa mistari hiyo, makato yaliyoonekana kama ya watu wengi yalibaki kuwa ya watu wawili tu.

Wa kwanza hakutusumbua sana. Kiasi chake kilikuwa kilekile kila mwezi, bila kupanda wala kushuka hata shilingi moja, na jina lake lilianza na `GOOGLE *`, kisha likafuata jina ambalo hakuna aliyelitambua. Jina linalofuata alama hiyo mara nyingi ni la mtengenezaji wa programu, wala si lile linaloonekana chini ya picha yake kwenye simu, na ndiyo maana kulitafuta miongoni mwa programu za simu hakukuzaa kitu. Simu ya baba ina akaunti mbili za Google, yake na ya mjukuu aliyeishi naye mwaka jana. Katika Play Store nilibonyeza picha iliyo juu pembeni, nikahamia akaunti ya mjukuu, nikafungua `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, na hapo nikaikuta programu ya kupamba picha ambayo ilikwisha kufutwa kwenye simu zamani. Kuifuta programu hakufuti makubaliano ya kuilipia. Nilisitisha malipo palepale, na mwezi uliofuata hayakurudi.

Huyu wa pili ndiye aliyenifanya niandike barua hii. Jina lake halikuanza na `GOOGLE *` wala `APPLE.COM/BILL`, bali lilikuwa jina la kampuni lililokatwa katikati kwa kukosa nafasi, likifuatiwa na mji wa Ulaya. Hilo lilitosha kunionyesha kwamba malipo hayapitii duka la programu, na kwamba hata nikifungua orodha za Play Store mchana kutwa sitayaona. Kiasi chake kilibadilika kidogo kila mara, na tarehe hazikuwa na mpango unaoeleweka: tarehe 4, tarehe 11, kisha tarehe 19 Machi.

Tulikwenda na baba kwenye tawi la benki, na nadhani swali tulilouliza ndilo lililofungua njia. Hatukuuliza hawa ni nani, kwa sababu mhudumu naye huona jina lilelile lililokatwa. Tuliomba kwa kila muamala tupewe mambo matatu: kiasi cha awali na sarafu yake, tarehe ambayo kadi ilitumika badala ya tarehe ambayo fedha ziliandikwa kwenye akaunti, na saa. Majibu yalinyoosha kila kitu. Kiasi cha awali kilikuwa dola 3.99 kila mara, na kilichokuwa kikibadilika ni bei ya dola tu. Tarehe za kweli zilikuwa 3, 10 na 17 Machi, zote Jumatatu, kwa hiyo ni malipo ya kila wiki. Tena, nyuma yake palikuwa na muamala mmoja wa dola 0.99 wa tarehe 28 Februari, ambao kwenye taarifa ulikuwa shilingi 2,614 na ulikuwa umetupita bila kutiliwa maanani. Siku tatu baada ya huo mdogo ndipo makato ya wiki yalipoanza. Huo ni mtindo wa majaribio ya bei ndogo ambayo hugeuka malipo kamili mtu asipoyasitisha.

Kwa hiyo nilichohitaji kujua si kilichotokea Machi, bali kilichotokea kwenye simu ya baba jioni ile ya Februari. Mhudumu alitusomea saa 17:47. Nilifungua historia ya Chrome, ambayo huhifadhiwa kwenye simu kwa siku 90, na katika dakika hizo hapakuwa na kitu. Nilipomweleza mhudumu, aliangalia tena na kuona kwamba saa ile ilikuwa ya Greenwich, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Nikaangalia upya dakika za karibu na saa 2:47 usiku, na pale pale palikuwa na kurasa za huduma ya kugeuza picha kuwa faili la PDF. Baba alikumbuka mara moja. Usiku ule alikuwa akiandaa nyaraka za uhakiki wa wastaafu, akaambiwa alipie kiasi kidogo ili apakue faili, akaweka namba za kadi.

Sikutaka kumshuku mtu kwa sababu ya saa peke yake, kwa hiyo nilifungua masharti ya matumizi ya huduma ile, na karibu na mwisho wake nikakuta jina kamili la kampuni na mji wake, yaani jina lilelile ambalo benki ilikuwa imelikata. Humo humo pameandikwa kwamba baada ya siku tatu malipo huwa dola 3.99 kwa wiki hadi mteja ajitoe. Maandishi hayo yalikuwa madogo, kwa Kiingereza, chini ya kitufe cha kulipia, na kwa maoni yangu kumpa mzee masharti ya namna hiyo wakati anahangaikia faili lake si haki, hata kama sheria ya huko kwao inaruhusu.

Shida yangu sasa ni hii. Ili kujitoa, kampuni inataka anwani ya barua pepe iliyotumika kujiandikisha. Nimeweka anwani ya baba, nikajibiwa kwamba hakuna mteja mwenye anwani hiyo. Nimetafuta risiti katika barua pepe zake zote, pamoja na sehemu ya barua taka, na sijaikuta hata moja. Nahisi herufi moja ilikosewa wakati wa kuandika, na risiti zinakwenda kwa mtu mwingine au haziendi popote. Nilipowaandikia, walijibu kwamba wanaweza kumtafuta mteja kwa kadi, wakaomba tarakimu sita za mwanzo na nne za mwisho za kadi, pamoja na tarehe na kiasi cha malipo mamoja. Baba amekataa kabisa kutoa tarakimu zozote, na mimi sioni vibaya kwake kuogopa, ingawa naelewa kwamba tarakimu hizo kumi bila zile sita za katikati, bila tarehe ya mwisho wa kadi na bila zile tatu za nyuma hazitoshi kulipia kitu.

Kwa upande wa benki, mhudumu ametushauri tufunge kadi na kuchukua mpya kwa ada. Nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, nimesoma kwamba mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumpelekea mfanyabiashara namba mpya ya kadi pale benki iliyoitoa inaposhiriki, ili malipo yanayojirudia yasikatike, na mhudumu hakuweza kutuambia kama benki yetu imo. Pili, benki ina fomu ya kupinga muamala, lakini inamtaka baba atamke kwamba hakuidhinisha malipo. Ile dola 0.99 aliidhinisha mwenyewe, na hataki kutia saini maneno yasiyo kweli. Nami sitamshawishi afanye hivyo.

Naomba basi kusaidiwa katika mambo mawili. Je, yupo msomaji aliyewahi kumpa mfanyabiashara wa nje tarakimu sita za mwanzo na nne za mwisho za kadi, na makato yakakoma bila tatizo jingine kutokea? Na je, kuna benki hapa nchini iliyokubali kuzuia malipo ya mfanyabiashara mmoja tu bila kufunga kadi nzima, na ombi hilo liliandikwaje hadi likakubaliwa? Kama ipo njia ya kupinga malipo ya wiki peke yake huku mteja akikiri lile la kwanza, ningependa kujua fomu hujazwa vipi. Kwa sasa baba huhamisha pensheni yake kwenda akaunti nyingine siku inapoingia na kuacha kiasi kidogo kisichofika bei ya dola 3.99, na Jumatatu iliyopita ombi la kampuni lilikataliwa, lakini mhudumu ametuonya kwamba wanaweza kujaribu tena siku yoyote watakayokuta fedha.

Wako,
Msomaji, Morogoro