Michango ya kikundi: kutoka simu kwenda benki

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Mnaotuma mchango kwa M-Pesa, pigeni *150*00#, ingieni huduma za kifedha, chagueni benki, kisha andikeni namba ya akaunti na kiasi. Kabla ya namba ya siri, someni jina linalotokea. Lisipokuwa la kikundi, acheni hapo hapo, maana tarakimu moja ikikosewa hela inaweza kuingia kwa mtu mwingine.

Kwa kawaida inafika ndani ya dakika chache. Ikikatwa kwenye simu na benki haijaingia, tafadhali msitume mara ya pili. Tunzeni meseji yenye namba ya muamala, ndiyo wahudumu wataitumia kuufuatilia.

Kuhamisha hela kutoka benki kwenda simu huanzia kwenye menyu ya benki: NMB *150*66#, CRDB *150*03#.