Kwa nini kusoma notisi ya kuhama si kusoma karatasi moja tu

Mteja mmoja alilalamika mbele ya wenzake kuwa tumemwonea: shilingi 15,000 kwa kusomewa barua ya mistari sita ambayo hata mwanaye wa darasa la saba angeisoma. Malalamiko ya namna hiyo tunayasikia karibu kila msimu wa kodi ya pango, kwa hiyo tunaeleza hapa kazi yenyewe ilivyo, ili anayekuja ajue anacholipia na asiyekuja aweze kujikagulia mwenyewe.

Barua ya mwenye nyumba hailali peke yake. Mistari yake sita inasomwa pamoja na mkataba wa pango, stakabadhi za kodi au ujumbe wa malipo ya simu, na tarehe ambayo barua ilifika mkononi mwako. Vitu hivyo vyote vikikosekana, hakuna mtu anayeweza kukuambia unatakiwa kuhama lini, hata awe na kipaji gani. Ndiyo maana picha ya notisi inayotumwa kwa simu saa nne usiku, ikifuatwa na swali "je, hii ni halali?", hatuijibu kwa ndiyo au hapana.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Nyakato anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alipanga vyumba viwili kwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, kuanzia tarehe 1 Februari hadi 31 Julai, na alilipa 420,000 kwa mkupuo. Mkataba ulipoisha hawakuandika mwingine. Aliendelea kukaa, akawa anatuma 70,000 kwa simu kila tarehe mosi, na mwenye nyumba anapokea bila neno. Kisha tarehe 14 Oktoba mtoto wa mwenye nyumba akamletea barua iliyoandikwa tarehe 3 Oktoba: "Unapewa siku 30 kuanzia tarehe ya barua hii uwe umehama." Akahesabu kwenye kalenda, akapata tarehe 2 Novemba. Moyo ukamruka. Dalali alikuwa tayari ameshamwonyesha nyumba Buzuruga kwa kodi ileile, ila anatakiwa kutoa miezi sita, yaani 420,000, na 70,000 ya dalali juu yake. Hizo ni 490,000 za kutafutwa kwa chini ya wiki tatu.

Jambo la kwanza tunaloliangalia ni aina ya upangaji siku ile notisi inapofika. Mkataba ungekuwa bado unatembea, tungekwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha notisi. Mikataba mingi ya hapa Mwanza inataja mwezi mmoja au miezi mitatu, na muda huo ndio unaofuatwa. Kama hakuna kifungu cha kuuvunja kabla ya wakati na mpangaji hajakiuka lolote, mwenye nyumba hawezi kukukatiza katikati ya miezi uliyokwisha kulipia kwa sababu tu amepata mpangaji anayetoa zaidi. Lakini kwa mama huyu mkataba ulikwisha Julai. Alibaki kwa ridhaa ya mwenye nyumba na kodi ikawa inalipwa mwezi kwa mwezi. Huo ni upangaji wa kipindi hadi kipindi, na kipindi chake ni mwezi.

Kwa upangaji wa aina hiyo, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mambo mawili kwa pamoja. Notisi isipungue urefu wa kipindi chenyewe, na iishie siku ambayo kodi huwa inalipwa. Hili la pili ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo linalobadilisha hesabu.

Tukahesabu upya. Barua haianzi kufanya kazi siku iliyoandikwa, inaanza siku inapokufikia. Ilifika tarehe 14 Oktoba, kwa hiyo mwezi mmoja unafika tarehe 14 Novemba. Siku hiyo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Desemba. Kwa hiyo upangaji huu ungeweza kukatika tarehe 1 Desemba, na mwezi wa mwisho wa kulipia ni Novemba. Kati ya tarehe 2 Novemba aliyokuwa ameishika kichwani na tarehe 30 Novemba kuna siku 28. Kwa mtu anayetafuta laki nne na tisini kutokana na dagaa, siku hizo si kitu kidogo.

Wateja wengi hapo hufurahi mno na kusema: "Basi notisi ni batili, sihami." Tunawazuia. Notisi yenye muda mfupi haikatishi upangaji, ni kweli, lakini haikupi nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuandika nyingine sahihi siku inayofuata. Angalia kalenda hiyohiyo: akigundua kosa lake na kukupa barua mpya kabla ya Oktoba kuisha, bado anakutoa tarehe ileile ya 1 Desemba. Akichelewa hadi tarehe 5 Novemba ndipo inasogea hadi 1 Januari. Wapo wanaotaka kunyamaza kimakusudi ili mwenye nyumba apitiwe na tarehe mosi. Ushauri wetu ni kujibu kwa barua fupi ya heshima: nimepokea tarehe 14 Oktoba, upangaji wetu ni wa mwezi kwa mwezi, hivyo nitakabidhi nyumba ifikapo tarehe 30 Novemba na kodi ya Novemba nitalipa kama kawaida. Mwenye nyumba anayejua tarehe ya uhakika hana haraka ya kuleta kufuli, na wewe unabaki na karatasi ya kuonyesha mbele.

Baada ya tarehe tunakuja kwenye umbo la barua. Kinachoangaliwa sana ni aliyesaini. Jina lililo chini ya notisi lilingane na la mwenye nyumba kwenye mkataba. Akiwa ni mwakilishi, aonyeshe maandishi ya kumpa mamlaka. Tatizo kubwa liko kwenye nyumba za marehemu: baba amefariki, na kabla hata arobaini haijaisha, baba mdogo au mtoto mkubwa anagawa notisi. Kuwa ndugu hakumpi mtu mamlaka juu ya nyumba ya marehemu. Anayeweza kusimama mahali pa marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, atakuwa na Fomu Namba 4 yenye mhuri. Mwombe nakala kwa adabu. Ukimlipa kodi mtu asiye sahihi, msimamizi akiteuliwa anaweza kukudai tena. Nyumba ikiuzwa nayo, mnunuzi anarithi upangaji uliopo pamoja na muda wake wa notisi. Kununua hakumpi haki ya kukutoa wiki ileile.

Kisha tunaangalia kama barua inataja nyumba au vyumba kwa namna isiyochanganya, kama tarehe ya mwisho inaeleweka (tumeona "siku 30 (ishirini)"), na kama inadai uhame au inadai kodi. Notisi ya malimbikizo isomwe tofauti kabisa. Itaje kiasi, miezi inayodaiwa na muda wa kulipa, na hapo kazi yetu ni kupanga stakabadhi zako mwezi kwa mwezi kabla hatujagusa suala la kuhama. Mhuri wa serikali ya mtaa, ambao wengi huuogopa, haugeuzi notisi mbovu kuwa nzuri, na kukosekana kwake hakuharibu notisi nzuri. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi na msuluhishi. Hana mamlaka ya kuamuru mtu ahame. Barua ya mkono kwenye karatasi ya daftari nayo ni barua.

Njia ya mkato inayowagharimu wateja wetu kuliko zote ni kukataa kupokea. Mtu anaamini akisaini amekubali kuhama, hivyo anamrudisha mjumbe na barua yake. Mwenye nyumba anarudi na balozi na jirani wawili, barua inabandikwa mlangoni, na kuanzia hapo tarehe ya kupokea ni ile watakayoisema wao. Kama yule mama asingesaini, ingekuwa rahisi kudaiwa kuwa barua ilifika tarehe 3 Oktoba. Pokea. Andika kwa mkono wako "Nimepokea leo tarehe 14 Oktoba, sijakubali yaliyomo", saini, kisha piga picha nakala zote mbili. Na usiache kulipa kodi kwa hasira, kwa sababu ukiacha unampa sababu mpya iliyo nzito kuliko ya kwanza. Ukituma kwa simu, andika mwezi unaoulipia. Akiirudisha hela, hifadhi ujumbe wa kurudisha.

Jambo moja halisubiri hata siku. Ukiletewa karatasi yenye namba ya shauri na mhuri wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huo ni wito, na si notisi tena. Tarehe iliyoandikwa humo ndiyo ya kufuata. Usipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na hoja zako zote za kalenda zikabaki mfukoni. Kwa hatua hiyo tunakuelekeza kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria wa bure. Kabla ya kufika huko, mgogoro kwa kawaida hupitia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, si kutoa hukumu. Anayemtoa mtu kwa nguvu ni dalali aliyetumwa kutekeleza amri ya baraza au mahakama. Mwenye nyumba anayeng'oa mlango au kufunga kufuli juu ya vitu vyako akiwa na notisi tu mkononi amejichukulia sheria, hata kama notisi yake imeandikwa vizuri.

Sasa kuhusu ile 15,000. Ndani yake kuna kusoma mkataba wote, kupanga malipo yako kwenye kalenda, kukuandikia tarehe yako ya mwisho pamoja na jinsi ilivyopatikana, na barua ya kujibu nakala mbili. Kuna vibanda vinavyochapa "barua ya kupinga notisi" kwa 3,000, na tumeshapokea wateja waliotumia barua hizo zikiwa na jina la mpangaji mwingine na mtaa mwingine. Nyingine ilikiri deni la miezi minne ambalo mteja hakuwa nalo, kwa kuwa mfano ulionakiliwa ulikuwa nalo. Kuondoa kukiri huko kulitaka barua tatu na kikao Baraza la Kata. Wenye nyumba nao tunawaandikia notisi, kwa 30,000, ila hatushiki pande mbili za nyumba moja.

Ukija, leta notisi yenyewe pamoja na bahasha yake kama ipo, mkataba hata kama muda wake umeisha, na stakabadhi au ujumbe wa malipo wa miezi 12 iliyopita. Kama huna mkataba wa maandishi, njoo hivyohivyo. Malipo ya simu yakipangwa vizuri huonyesha kipindi cha kodi na siku yake, na hesabu huanzia hapo.